Kuchora filamu ya katuni peke yako bila kuchakaa: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nimechora filamu ya katuni ya dakika 3 na sekunde 20 peke yangu, katika chumba cha juu cha nyumba yetu Langoni, Lamu. Ni kisa cha kijana na punda wake wanaobeba boriti hadi gatini kabla jahazi halijatweka tanga. Ilinichukua wiki 40. Kabla ya hiyo nilianza nyingine ambayo ilinishinda wiki ya tisa, na nilipoiacha sikushika kalamu kwa miezi saba. Tangu nimalize, wachoraji wa hapa na wa Malindi wananiuliza maswali yaleyale, nami nimeyakusanya hapa niyajibu vizuri mara moja.

Kwa nini ile ya kwanza ilikushinda?

Kwa sababu lengo langu la kila siku nililitoa kichwani. Nilijiambia nitatoa sekunde nne kwa siku, nikapiga hesabu kwamba ndani ya miezi mitatu nitakuwa nimemaliza. Sikuwa nimejipima hata mara moja. Siku ya kwanza nilitoa sekunde moja na nusu. Zile mbili na nusu zilizobaki nikazihamishia kesho, na kesho ikawa na deni. Kufikia wiki ya tatu nilikuwa nakesha hadi saa nane za usiku nikilipa deni ambalo halikulipika, maana kila siku iliongeza lake.

Hilo ndilo linalomchakaza mchoraji wa peke yake. Kazi huwa nyingi tangu mwanzo na kila mtu analijua hilo, lakini kinachoua ni kulala kila siku ukiwa umeshindwa. Siku hamsini za namna hiyo zikikupitia, ukiiona tu alama ya faili kwenye kompyuta tumbo linakukaza. Mwaka 1979 Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika jinsi watu wanavyokadiria muda wa kazi zao kwa kutazama mpango ulio mbele yao, wakasahau kazi kama hiyo iliwachukua muda gani hapo nyuma. Mimi hapo nyuma sikuwa hata nimepaandika.

Basi lengo la kila siku linapatikanaje?

Linapatikana kwa kuhesabu na kupima, kwa utaratibu huo. Kwanza ujue kazi ni kubwa kiasi gani, halafu ujue mkono wako unakwenda kasi gani. Nitaeleza kwa filamu yangu mwenyewe.

Filamu ina fremu 24 kwa sekunde. Ukichora mchoro mmoja kwa kila fremu mbili, kama wengi wetu tunavyofanya, sekunde moja inataka michoro 12. Sekunde 200 basi ni michoro 2,400. Idadi hiyo inatisha, na watu wengi wanaishia hapo. Lakini hakuna filamu inayosogea yote kwa wakati mmoja. Nilikaa na animatiki yangu, yaani ile storibodi iliyopangwa kwa muda na sauti za kubahatisha, nikapita shoti moja baada ya nyingine nikijiuliza: hapa ni nini hasa kinachosogea?

Nilikuwa na shoti 46. Ishirini zilikuwa nyepesi: bahari inayojirudia, kamera inayopita juu ya mapaa ya makuti, kijana amesimama upepo ukichezea kanzu yake. Hizo zilichukua sekunde 90 za filamu na zilitaka michoro 160 tu. Kumi na nane zilikuwa za kati, mtu mmoja anazungumza au anageuka kisha anatulia. Sekunde 75, michoro 600. Nane zilikuwa nzito: punda anakimbia, watu wawili wanavutana, tanga linapanda na foromali yake. Hizo sekunde 35 zilitaka michoro 420. Jumla michoro 1,180, ambayo ni chini ya nusu ya ile iliyonitisha.

Kisha nikapima. Kwa wiki mbili nilichora saa nne kwa siku bila lengo lolote, saa mezani na daftari kando, nikachukua shoti moja ya kila aina niifikishe mwisho. Rafu, yaani mchoro wa kwanza wa harakaharaka, ilinichukua wastani wa dakika 6 kwa mchoro, kusafisha mistari dakika 9, na kutia rangi dakika 4. Jumla dakika 19. Katika dakika 240 za siku, hiyo ni michoro 12 iliyokamilika na chenji kidogo.

Kwa hiyo lengo langu likawa michoro 12 kwa siku. Hiyo ni sekunde moja ya shoti nzito, robo ya nilichokuwa najidai mwanzo. Niliona aibu kidogo kuliandika. Lakini lilikuwa lengo la mkono wangu, na nililifikia siku nyingi kuliko nilizolikosa.

Tafadhali usichukue hizi dakika zangu ukazifanya zako. Mtindo wangu una mstari mmoja mwembamba na rangi bapa zisizo na vivuli. Mwenye kutia kivuli kila fremu anaweza kuwa na dakika 40 kwa mchoro na akawa mchoraji hodari kuliko mimi.

Tuhesabu sekunde, saa au michoro?

Michoro, na uihesabu kwa hatua unayofanya.

Sekunde hudanganya kwa sababu hazina uzito mmoja. Siku unayochora bahari unaweza kutoa sekunde kumi, na siku ya punda usifikishe hata moja. Ukihesabu sekunde utajiona shujaa Jumatatu na mvivu Jumanne, na siku zote mbili umefanya kazi ileile. Saa nazo zinakufunza kukaa. Nimewahi kukaa saa sita nikifuta na kurudia sikio la punda, na kwenye daftari ile ikasomeka kama siku njema.

Mimi nilichora filamu nzima rafu kwanza, ndipo nikaisafisha, ndipo nikatia rangi. Kwa hiyo zile 12 za jumla nilizigeuza kuwa lengo la kila hatua: siku ya rafu michoro 40, siku ya kusafisha 26, siku ya rangi 60. Ni kazi ileile ya dakika 240. Na hata ndani ya rafu, shoti nzito zilikwenda dakika 9 kwa mchoro huku nyingine zikienda kama dakika 4. Shoti ya 31, punda anateleza kwenye gati lenye maji, ni sekunde 4, michoro 48. Kwa lengo la kawaida ningejipa siku moja na kidogo. Kwa kuwa nilikuwa nimeipima aina yake, nilijipa siku mbili tangu mwanzo, na ikaisha jioni ya pili. Nisingepima, ningelala usiku wa kwanza nikiamini nimeshindwa.

Jambo moja la kulinda: ukihesabu michoro utaanza kuiharakisha. Dawa ni kuandika mapema maana ya neno "umekwisha". Kwangu mchoro wa rafu umekwisha nikiicheza shoti mara tatu na macho hayakukwama popote. Mchoro uliosafishwa umekwisha kama mistari yote imefunga, kwa sababu mstari ulioacha mwanya unamwaga rangi ukijaza kwa zana ya ndoo kwenye programu, na hapo utalipa mara mbili baadaye.

Nikifika lengo mapema na mkono bado una moto, nisiendelee?

Endelea kidogo, halafu simama. Nina namba tatu kwa kila hatua: sakafu, lengo na dari. Siku ya kusafisha, sakafu ni 13, lengo ni 26, dari ni 32.

Sakafu ni ya siku mbovu: umeme umekatika, kichwa kinauma, wageni wamekuja. Ukifika sakafu, siku imehesabika na deni halipo. Kitu kilichobaki hakihamishiwi kesho kamwe. Ukikosa hata sakafu, unaandika sifuri na kesho inaanza upya na lengo lilelile.

Dari ndiyo watu wanaibishia, nami ndiyo ninayoitetea zaidi. Niliangalia daftari langu la wiki nane za kwanza za kusafisha. Kila nilipopitisha michoro 35 ya kusafisha, siku iliyofuata ilianguka chini ya 15, na mara mbili ikawa sifuri. Siku mbili zikijumlishwa zilikuwa chini ya siku mbili za kawaida. Tena michoro niliyochora baada ya ile ya 35 ndiyo niliyoirudia mara nyingi, maana mistari ilikuwa inachemka: ukiicheza, uso wa kijana unatetemeka kama unaouona kupitia mvuke wa chungu. Huo ni mkono uliochoka, unashindwa kuufuata mstari wa mchoro uliopita unaoonekana chini yake kwa kivuli.

Nikifika dari nafanya jambo moja la kesho: nafungua shoti inayofuata, naweka fremu ya kwanza mahali pake, naandika kwenye daftari sentensi moja, kwa mfano "anza na kwato ya kushoto, inashuka". Halafu nafunga. Asubuhi yake sihitaji ushujaa wa kuanza, naanza na kwato.

Unajuaje kwamba huu ni uchovu wa kawaida na si kuchakaa?

Uchovu wa kawaida unaondoka ukilala na ukipumzika siku mbili. Kuchakaa hakuondoki. Shirika la Afya Duniani liliiingiza hali hii kwenye orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, toleo la 11, kama jambo linalotokana na kazi na si ugonjwa, na linataja sura tatu: nguvu kukwisha, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na kujiona hufanyi lolote la maana.

Kwa mchoraji sura hizo zina nyuso zake. Ya kwanza niliyoiona kwangu ni kurudia shoti zilizokwisha. Unafungua faili asubuhi, badala ya kwenda mbele unarudi shoti ya pili kurekebisha kidole. Unajiambia ni ubora. Kumbe unakwepa. Ya pili ni kupenda kila kitu kinachozunguka kazi isipokuwa kazi: kupanga upya mafaili, kujaribu brashi mpya, kutazama mafunzo ya programu usiyoitumia. Ya tatu ni pale unapoanza kuichukia hadithi yenyewe. Mimi nilimchukia yule kijana wa filamu ya kwanza. Nilimwona mjinga, na ni mimi niliyemuumba.

Nikiona mojawapo kwa siku tatu mfululizo, nashuka hadi sakafu kwa wiki nzima hata kama naona naweza zaidi. Nikiziona zote tatu, nasimama wiki mbili na kumwambia mtu wa nyumbani kwa nini nimesimama.

Na mkono ni jambo la peke yake. Ganzi au mchomo kwenye dole gumba, kidole cha shahada na cha kati, hasa ukikuamsha usiku, huo unaweza kuwa mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kifundo cha mkono. Hapo hakuna lengo wala sakafu. Weka kalamu chini ukamwone daktari. Mimi nilipuuza wiki tatu.

Ninaishi na familia, kuna harusi, msiba, Ramadhani, na mama anasema nacheza kompyuta. Ratiba itasimamaje?

Itasimama ukiyaweka ndani ya ratiba tangu siku ya kwanza. Kalenda inayodhani kila wiki ni sawa si kalenda ya mtu wa hapa.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Michoro 1,180 kwa dakika 19 ni kama siku 93 za kazi. Mandhari, yaani picha za nyuma kama kuta za matumbawe, gati na mikoko, zilikuwa 30, kila moja saa 5 hivi, siku nyingine 38. Jumla siku 131. Niliongeza robo kwa ajili ya kurudia na kuharibikiwa, zikawa siku 164, yaani wiki 33 kwa siku tano za kazi kila wiki. Ijumaa na Jumapili sifungui faili.

Kisha nikatazama mwezi. Ramadhani ilikuwa inaingia mwezi wa pili wa kazi. Nikajipa nusu ya lengo, na saa za kazi nikazihamishia baada ya daku hadi jua likichomoza, wakati ambapo nyumba imetulia na mwili bado una maji. Wiki ya Idi nikaifuta kabisa. Maulidi huwa Mfungo Sita, na wiki ile mji wetu unajaa wageni na dufu hazilali, nikaifuta pia. Wiki 33 zikawa 37. Mwisho wa yote nikatumia 40, kwa sababu ya msiba mmoja na kompyuta iliyokaa kwa fundi siku kumi. Wiki tatu za kuchelewa katika kazi ya miezi tisa hazikunitoa machozi, kwa kuwa hazikuwa zimeitwa kushindwa.

Hali ya hewa nayo ina neno. Msimu wa kaskazi, Desemba hadi Machi, chumba cha juu mchana ni tanuri na kiganja kinanata kwenye kioo cha tableti. Nilianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikamaliza kabla ya saa tano. Alasiri nilikuwa naandika mabango ya maduka kwa ajili ya riziki, na kazi ile ya kusimama ilinyoosha mgongo.

Kuhusu mama kusema unacheza kompyuta: mwonyeshe daftari, usimwonyeshe filamu. Mama yangu haelewi fremu, lakini anaelewa hesabu ya duka. Alipoona namba zinapanda kila siku, akaanza mwenyewe kuwaambia wageni, "Muacheni kwanza, hajafika ishirini na sita."

Zawadi za vituo zina maana, au ni mambo ya watoto?

Zina maana, ila watu wengi huzipanga vibaya. Filamu ya peke yako haina mtu wa kukuambia hapa umefika. Studio ina mkurugenzi anayepitisha shoti, ina wenzako wanaopiga makofi kwenye chumba cha kutazama. Wewe una ukuta. Zawadi inafanya kazi ya yule mkurugenzi: inaweka alama kwamba kitu kimefungwa na hakifunguliwi tena.

Kwa hiyo kituo kiwe kitu kilichokamilika. "Wiki nne zimepita" si kituo. Vyangu vilikuwa: animatiki imefungwa, shoti moja tu imefikishwa mwisho na rangi na sauti, shoti nane nzito zimekwisha rafu, filamu nzima rafu. Baada ya hapo nilibadili mwendo. Kusafisha mistari kulikuwa na siku 45, wiki kumi na moja za kufanya jambo moja kwa mkono mmoja, na hapo ndipo filamu za watu wengi hufa. Mwanzoni una hamu, mwishoni unaona ufuko, katikati ni maji matupu pande zote. Kule katikati nikaweka kituo kila michoro 200, yaani kila baada ya siku nane hivi. Vituo sita katika hatua moja. Kwenye rangi nikaweka viwili tu, kwa kuwa rangi inajilipa yenyewe; unaona filamu inaamka mbele yako.

Zawadi yenyewe ina masharti manne kwangu. Iandikwe kabla hujaanza. Ipatikane siku hiyohiyo au kesho yake. Ikutoe kwenye kiti. Na isiwe mapumziko.

Hili la mwisho watu wananibishia sana. Mapumziko ni haki ya mwili. Ukiyafanya zawadi, basi mwenye kuchelewa ndiye anayenyimwa usingizi, na huyo ndiye aliyeuhitaji zaidi. Ijumaa yangu haikutegemea michoro mingapi nimechora.

Kila michoro 200: mishkaki na viazi vya karai pale ufukoni jioni, pamoja na rafiki yangu mmoja aliyejua hesabu. Shoti nzito zote: mashua hadi Manda na siku nzima ya kuvua, simu nyumbani. Filamu nzima rafu: niliita watu saba, nikawaonyesha ikiwa michoro mitupu isiyo na rangi, tukala biriani. Wakati wa kisa cha gatini mjomba wangu, aliyekuwa nahodha, alisema tanga lile linapandishwa na watu wachache mno. Alikuwa na haki. Kwa kuwa ilikuwa bado rafu, kuongeza watu wawili kulinigharimu siku mbili. Ningemwonyesha baada ya rangi, ingenigharimu karibu wiki mbili.

Pesa za zawadi alizishika dada yangu kwenye bahasha. Kila bahasha imeandikwa kituo chake. Nilijaribu mara moja kumwomba ya kituo cha nne cha kusafisha nikiwa na michoro 170 kati ya ile 200 yake. Alinipa chai.

Na zawadi ya kila siku?

Ndogo, ileile, mara moja. Mchoro wa mwisho ukiisha nashuka barazani, kahawa chungu na kashata mbili. Siku ya sakafu nakunywa, siku ya lengo nakunywa. Siku ya sifuri nakunywa bila kashata. Sina la kuongeza hapo.

Nichore kwa kufuata mpangilio wa hadithi?

Hapana. Ukianza na shoti ya kwanza, mwanzo wa filamu utakuwa na mchoro wako wa kimwanafunzi, na mwisho utakuwa na mchoro wako uliochoka. Mtazamaji anakutana na ule wa kimwanafunzi kwanza.

Mimi nilianza na shoti za kati zilizo katikati ya hadithi, hadi mkono ukamzoea kijana na uso wake. Baada ya wiki tatu nikaingia zile nane nzito, nikiwa na nguvu na nimeshapata mtindo. Shoti ya ufunguzi nikaichora karibu na mwisho. Nyepesi nilizitawanya kama akiba: kila baada ya shoti nzito, moja nyepesi, ili macho yaone kitu kimekwisha kwa siku moja.

Mandhari nayo niliyatumia kwa namna hiyo. Kila Jumatano ilikuwa siku ya mandhari. Ni kazi ya brashi pana na mkono mzima kutoka begani, kinyume cha kusafisha mistari ambako kifundo tu ndicho kinachosogea. Vidole vilipumzika bila kazi kusimama.

Umeme ukikatika au faili likiharibika, unafanyaje usikate tamaa?

Nahifadhi kwa jina jipya kila mwisho wa kikao, mfano `shoti_031_v04.kra`, na jioni nakopi folda nzima kwenye diski ya nje inayokaa chumba kingine. Nilipoteza shoti moja ya siku tatu kabla ya kuanza tabia hii, na ninakumbuka bado uzito wa asubuhi ile. Umeme ukikatika kabla sijafika sakafu, ninachora rafu kwenye karatasi na kuipiga picha baadaye. Inahesabika.

Niliacha filamu yangu miezi mitatu iliyopita. Nirudi vipi?

Usirudi ulipoachia. Pale ulipoachia ndipo palipokuchosha, na lengo uliloliacha ni la mtu mwingine mwenye mkono mwingine.

Siku ya kwanza icheze filamu yote iliyopo mara moja, pamoja na mtu unayemwamini, bila kalamu mkononi. Siku ya pili chagua shoti nyepesi iliyobakiza rangi tu, uitie rangi kwa nusu saa. Endelea hivyo wiki nzima, nusu saa kwa siku, sakafu michoro mitatu, dari michoro minane, hata ukitamani zaidi. Wiki ya pili pima mkono upya kama mgeni, kwa saa na daftari, shoti moja ya kila aina. Halafu hesabu michoro iliyobaki, na hapo uwe tayari kukata. Mimi niliporudi kazini baada ya ile miezi saba, kabla ya kuanza upya, niliondoa shoti tano kwenye hadithi. Moja ilikuwa ya kijana anayepanda ngazi za nyumba, sekunde saba, karibu michoro 80. Badala yake tunasikia nyayo zake juu ya dari, na bibi aliye chini anainua macho. Hiyo ilitaka michoro 9.